Chai ya viungo kutoka Pemba: kagua kizuizi kabla hujachapisha lebo

"Assalaam alaykum. Niko Wete, nataka kupakia chai ya viungo (karafuu, mdalasini, tangawizi, mchaichai) niuze kwenye mahoteli ya Unguja. Jina nishapata na lebo nishachorewa. Vibali nianzie wapi?"

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Lebo itie kabatini kwanza. Mimi nimepita njia hiyo hiyo, na nilipoteza pesa mara mbili kwa sababu nilipenda kitu kabla sijajua nani anaweza kunikatalia.

Mara ya kwanza sikuwa na chai hata. Nilitaka kukeneka mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Msimu wa karafuu makonyo yametapakaa kila uwanja, nikaona hii mali ya bure, watu wanaifagia tu. Nikampa fundi wa kuchomea pale Chake arbuni ya mtambo. Wiki ile ile mjomba wangu akaniuliza swali moja: "Hayo makonyo utanunua kwa nani?" Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu jibu kila Mpemba analijua tangu utotoni: karafuu mwenye shamba ni mkulima, lakini mnunuzi ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Makonyo nayo yamo humo humo, na kiwanda cha kuyakamua kipo Wawi. Ukinunua karafuu kwa mkulima mlangoni kwake ukaenda nazo, jina lake ni magendo, hata kama unazitia kwenye chai na si kwenye mashua ya Mombasa. Iko Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014. Arbuni haikurudi.

Kwa hiyo kwako wewe kizuizi cha kwanza hakiko kwenye ofisi ya biashara, kiko kwenye neno lako la kwanza kabisa: karafuu. Nenda ZSTC uwaulize kama watakuuzia wao wenyewe, kwa kima gani cha chini na kwa karatasi gani. Wakikuuzia, ile risiti ndiyo roho ya biashara yako, itunze. Na usiniambie "mbona Darajani pakti za karafuu zinauzwa kwa watalii". Hujui yule muuzaji kazipata wapi, na akishikwa hatokupigia simu kukupa tahadhari.

Sasa fanya jambo dogo leo usiku. Chukua karatasi uandike wazo lako kwa mistari sita tu: kitu gani, malighafi inatoka wapi, inatengenezwa chumba gani, mikono ya nani inaigusa, inauzwa wapi, na pakti inasema nini. Kila mstari una mwenyewe serikalini. Faida yake ni kwamba ukibadilisha neno moja kwenye mstari, unaweza kubadilisha ofisi nzima.

Mimi nililijua hilo kwa mstari wa mwisho. Mara ya pili ndiyo nikaja kwenye chai, nayo ilikuwa safi, haina karafuu: tangawizi, mdalasini na mchaichai. Nikachapisha pakti mia tano. Kwa nyuma nikaandika "huondoa gesi, hutibu kikohozi, hushusha sukari". Niliona ni sifa nzuri, mama yangu anayasema kila siku. Nikaipeleka pakti moja kwa ofisa wa chakula, akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma polepole. Akaniuliza: "Hii ni chai au dawa?" Nikamwambia chai. Akaweka kidole juu ya neno "hutibu". "Hapa umesema dawa."

Ndiyo kanuni yenyewe hiyo. Chai inayonywewa kwa ladha ni chakula, inaingia ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, mlango wa chakula. Ukisema inatibu, unaulizwa ushahidi wa kutibu, na ukija upande wa mitishamba kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Viungo ni vile vile, pakti ile ile, maneno matatu tu yamenihamisha. Zile pakti mia tano mpaka leo watoto wanachorea nyuma yake. Lebo mpya ikabeba mambo ya kawaida: jina la bidhaa, viungo vilivyomo, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika, namba ya toleo, na anwani yangu.

Chumba ni mstari unaokula pesa, lakini hauui wazo. Jiko la nyumbani linalopikiwa wali wa familia lilinikwamisha. Nikatenga chumba cha uani: sakafu ya saruji laini inayooshwa, dari, wavu madirishani, sinki la kunawa karibu na mlango, na maji yaliyopimwa. Watu wangu wawili walipimwa afya, kwani anayegusa chakula lazima apimwe. Baada ya hapo ndiyo leseni, usajili wa jina BPRA na mambo ya kodi ya ZRA. Hayo ni foleni tu, hayakataliwi ovyo, ndiyo maana nayaweka nyuma. Watu wengi wanaanza nayo kwa sababu ni rahisi, kisha wanajiona wameshakuwa na biashara.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia: jamvi. Tangawizi tukiikata tunaianika chini juu ya jamvi, kuku wanapita, upepo unaleta mchanga. Kwenye maabara viungo vinachomwa mpaka majivu, kisha majivu yanatiwa asidi. Kinachobaki bila kuyeyuka zaidi ni mchanga, na hapo huna la kujitetea. Ukungu nao unaanzia kwenye vipande vinene ambavyo nje vimekauka na ndani bado. Kata vyembamba, anika juu ya chaga zilizoinuliwa kama kiunoni na kufunikwa chandarua. Jaribio langu la nyumbani: kipande kikivunjika kwa mlio, sawa, kikijikunja, kirudishe juani. Zipime sampuli za kwanza kabla hujanunua mashine ya kuziba pakti, si baada.

Kwa mahoteli ya Unguja bado uko ndani ya Zanzibar, mlango mmoja. Siku ukipata mteja Dar, usidhani karatasi zako zinavuka na boti. Bara chakula kiko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, kaulize kabla hujaahidi mzigo.

Na ukifika kwenye ofisi yoyote usiulize "naweza kuanza?" Utaambiwa "karibu, lete maombi". Uliza hivi: "Watu wa bidhaa kama yangu, nyinyi huwakatalia kwa sababu gani?" Mimi swali hilo lilinipa mazungumzo ya nusu saa, na yule ofisa akanionesha kwa mkono chumba cha aina gani hawezi kukipitisha.

Ningekuwa wewe, ningeanza na ZSTC. Wakisema hapana, toa karafuu, tia hiliki, badilisha jina kama lina neno karafuu ndani yake, halafu ndiyo umrudie fundi wa lebo.