Lebo inasema 200, betri inakupa 100

Wadogo zangu mnaoanza kufunga inveta, hesabu iliyonigharimu niliifanyia Nkuhungu, Dodoma, kwa mama mmoja aliyetaka taa, televisheni, friji na ruta visizime umeme ukikatika. Nilijumlisha nikapata wastani wa wati 200. Betri yake ya maji ilikuwa ya volti 12 na ampea-saa 200, yaani wati-saa 2,400. Nikagawa kwa 200, nikamwahidi saa 12.

Usiku wa kwanza ilikaribia, na hapo ndipo nilipodanganyika. Baada ya miezi minane haikufika saa mbili.

Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, ukiizoesha kushuka chini ya nusu, salfeti hugandamana kwenye sahani zake na kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziyeyushi tena. Kwa hiyo panga kwa nusu tu: wati-saa 1,200. Inveta nayo hula kama asilimia 15 njiani, zinabaki 1,020. Kwa mzigo wa wati 200 hizo ni saa tano. Saa tano ndizo nilizopaswa kumwambia.

Tena namba ya lebo mara nyingi hupimwa kwa kunyonya taratibu kwa saa 20, kama ampea 10 hivi. Mzigo wa mama yule ulivuta karibu 20. Akichomeka pasi, hata nusu ile haitimii.

Sasa chukua lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 12.8, ampea-saa 100. Jumla ni wati-saa 1,280, na asilimia 80 unaitumia bila wasiwasi: 1,024. Ukitoa za inveta zinabaki 870, saa nne na dakika ishirini. Lebo ni nusu, kazi inakaribiana. Ndiyo maana mteja akilinganisha bei ya 200 na 200, mrudishe kwenye wati-saa anazoweza kutumia kweli.

Kosa langu la pili lilikuwa kuacha inveta ikate kwa volti 10.5 kama ilivyotoka dukani. Hapo betri ya risasi imeshaisha chaji kabisa. Kwa mzigo mdogo kama ule, pandisha hadi karibu 11.8. Kuhakiki, iache betri saa kadhaa bila mzigo wala chaji, kisha pima: 12.7 imejaa, 12.1 imefika nusu.

Kipimo hicho usikipeleke kwenye lithiamu. Volti zake hubaki karibu 13 kwa muda mrefu, kisha huporomoka ghafla na kidhibiti cha ndani kinakata nyumba nzima. Huko soma asilimia kwenye kidhibiti chenyewe, au funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.