Kabla ya kuandika "nimetumia Jira" kwenye wasifu wako

Matangazo ya kazi ya kujaribu programu hapa Nairobi, hasa yale ya kampuni za malipo, huuliza mambo matatu: umefanya majaribio ya aina gani, unatumia zana gani za otomesheni, na kasoro unazozipata unazifuatilia vipi. Wanaoanza wengi hujibu kwa orodha: API, regreshoni, Selenium, Postman, Jira. Anayepokea maombi ameshaiona orodha hiyo kwa kila mwombaji, kwa hiyo haimsaidii kukuchagua wewe. Anachotafuta ni kasoro moja iliyopitia mikononi mwako tangu ulipoiona hadi ilipofungwa. Ukiieleza vizuri, aina ya majaribio na zana zitajitokeza zenyewe.

Chukua mfano wa dada mmoja niliyemsaidia kuandaa wasifu. Tangazo lilitaka mtu wa majaribio ya API na ya regreshoni, yaani kurudia majaribio ya awali kila toleo jipya linapotoka, anayejua Selenium au Playwright na anayetumia Jira. Yeye alikuwa ameandika: "Nilijaribu mfumo wa karo kwa kutumia Postman, Selenium na Jira." Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli, ila haikubeba kitu.

Nikamwomba anieleze kasoro iliyomsumbua zaidi. Mzazi alikuwa akilipa karo kwa M-Pesa, na ombi la PIN likitokea kwenye simu. Akiliacha hadi muda uishe, mfumo ulipokea `ResultCode` 1037 na kuandika kwamba malipo hayakufaulu, sawasawa. Lakini mzazi akibonyeza kughairi, jibu huwa 1032, na mfumo haukujua la kufanya nalo. Malipo yalibaki "yanasubiri", na mzazi hakuweza kujaribu tena. Aliripoti kwa tiketi kwenye Jira. Aliyeandika msimbo akaifunga tiketi hiyo kwa `Cannot Reproduce`, yaani hakuweza kuirudia kasoro, kwa sababu katika kujaribu aliiacha simu bila kughairi. Dada akaifungua upya, akaweka hatua moja baada ya nyingine pamoja na jibu lililorudi kutoka M-Pesa, na kasoro ikarekebishwa.

Hiyo ndiyo hazina, na haikuwemo kabisa kwenye wasifu! Tuliiandika hivi (wasifu wenyewe huwa kwa Kiingereza kama tangazo, hapa naweka kwa Kiswahili):

"Majaribio ya API ya malipo ya M-Pesa kwa Postman: niligundua kwamba malipo yaliyoghairiwa (1032) yalibaki yanasubiri na kumzuia mzazi kulipa tena. Tiketi ilifungwa kwa kukosa kurudiwa. Niliifungua upya kwa hatua kamili na jibu la API, ikarekebishwa, kisha nikaongeza jaribio hilo kwenye seti ya regreshoni."

Angalia kipande cha mwisho. Tangazo liliomba regreshoni, na hapo inaonekana ikifanyika. Kama hukuongeza jaribio lolote, usiandike kwamba uliongeza. Swali la kwanza kwenye usaili litakuwa, "Jaribio hilo lilikagua nini?"

Kuhusu otomesheni, tangazo likisema "Selenium au Playwright" na wewe unajua Selenium tu, andika Selenium peke yake. Anayezijua zote mbili atakutambua haraka. Atakuuliza unafanyaje ukurasa unapochelewa kufunguka. Kwenye Selenium kwa kawaida unaandika mwenyewe kwamba kitufe kisubiriwe. Playwright husubiri yenyewe kabla ya kubonyeza. Mtu aliyesoma jina tu hawezi kueleza tofauti hiyo. Tangazo likitaka Playwright peke yake, jenga majaribio machache halisi nayo kwanza, ndipo uitaje.

Tahadhari kuhusu Jira: usiambatanishe picha za tiketi za mwajiri wako wa zamani. Ni mali yake, na mara nyingi zina namba za simu na majina ya wateja, data inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Eleza kwa maneno, bila majina.

Na kama hujawahi kuajiriwa? Fungua saucedemo.com, tovuti ya mazoezi, uingie kwa jina `problem_user` (nywila iko ukurasa huo huo). Utaona kasoro mapema, kwa mfano bidhaa tofauti zenye picha ileile moja. Iandike kama tiketi: hatua, ulichotarajia, ulichokiona, na uzito wake kwa mnunuzi. Kisha andika jaribio la otomesheni linaloshindwa kwa sababu ya kasoro hiyo, uliweke GitHub pamoja na tiketi. Kwenye wasifu sema wazi kwamba ni tovuti ya mazoezi na kasoro zake zimewekwa makusudi. Msomaji atapima jinsi ulivyoiandika tiketi, na hilo anaweza kulisoma mwenyewe kabla hata hajakupigia simu.