Madogo, sapu haiwarudishii B

Jana kwenye foleni ya kutoa kopi nimemsikia dogo wa mwaka wa kwanza akimwambia mwenzake, "Hii pepa naiacha, nitaisafisha kwa sapu." Nikacheka, kisha nikaumia, maana sentensi hiyo niliwahi kuitamka mimi.

1. Sapu, yaani mtihani wa marudio ukishafeli, ina dari. Kwenye vyuo vyetu vingi, hata ukipata 90, kinachoandikwa ni C, yaani pointi 2. D inafutika kweli, ila hupewi ulichovuna.

2. Speshali haina dari hiyo. Ukiahirisha mtihani kwa sababu iliyokubaliwa, utakaporudi unahesabiwa kama mtu anayefanya mara ya kwanza, na kosiweki yako ipo palepale. Hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Mwaka wa kwanza nilikuwa na kosiweki ya 27 kwa 40 kwenye kozi ya krediti 12. Asubuhi ya mtihani malaria ilikuwa imenilaza, chumba kizima kikaniambia niende zahanati nikachukue ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika. Nikakataa. Hesabu yangu, nikiwa na homa, ilikuwa hii: nikifeli, sapu ipo. Nikaingia, nikatetemeka saa tatu, nikapata 11 kwa 60. Jumla 38, D. Nilihitaji 23 tu kufika 50, ambayo kwetu ni B! Kesho yake nikapeleka cheti cha daktari idarani. Katibu akakitazama, akanitazama: "Mwanangu, si ulisaini karatasi ya mahudhurio?" Ukishakaa, umekaa. Septemba nikapiga sapu nikapata 68. Ikaandikwa C.

Nikajifariji kwamba kozi moja haiui mtu. Miaka mitatu baadaye nilikuwa na pointi 1,248 kwa krediti 360, yaani 3.46. Chuo chetu hakikadirii kwenda juu, kinakata baada ya desimali ya kwanza, ikabaki 3.4. Apa sekondi, daraja la pili la juu, inaanzia 3.5. Sasa weka B mahali pa ile C, yaani 3 badala ya 2 kwa kila krediti: pointi 12 zaidi, 1,260 kwa 360. Inatoka 3.5 kamili, bila hata senti ya chenji. Nilirudia hesabu hiyo kwenye simu mara nne nikiwa nimevaa joho la kuazima.

3. Kabla ya kurudia kozi kama kari, ulizeni idarani swali moja: krediti za mara ya kwanza zinabaki kwenye kigawanyo? Zikiondolewa, D ikawa A, kozi hiyo inasimama na 5. Zikibaki, D yenye 1 na A yenye 5 zinagawana, unaondoka na 3. Kanuni hutofautiana, na kuna vyuo ambako kari nayo haivuki C. Msiulize kaka zenu wa hosteli, someni prospektasi ya mwaka mlioingia.

Dogo wa foleni nilimweleza yote haya. Akanisikiliza kwa adabu kabisa, halafu akauliza kama zahanati inatoa ED kwa mtu ambaye hajamaliza kusoma madesa.