Klindamaisini kwa stafilokoka ya jipu

"Stafilokoka ya jipu ni sugu kwa erithromaisini, klindamaisini inaonekana kufaa. Nitrosefini imebaki njano. Niripoti hivyo?"

Usiripoti bado, ndugu. Weka diski ya erithromaisini (mikrogramu 15) na ya klindamaisini (mikrogramu 2) kwenye sahani moja, kingo zikiachana milimita 15 hadi 26, kisha usome baada ya saa 16 hadi 18. Ukikuta duara la klindamaisini limebapa upande unaotazama erithromaisini, likafanana na herufi D, basi erithromaisini imeamsha jeni la usugu, erm, lililokuwa limelala. Ripoti klindamaisini kuwa sugu, hata kama kipenyo kinaonekana kizuri. Duara likibaki kamili, usugu wa erithromaisini huenda unatokana na pampu ya bakteria, ambayo haigusi klindamaisini. Mimi huanza kwa kupima umbali kwa rula, kwani diski zikiachana mno D haijitokezi.

Kuhusu nitrosefini, inayopima beta-laktamasi, kimeng'enya kinachovunja penisilini, je, koloni ulizitoa kwenye sahani ya kawaida? Stafilokoka nyingi hazitengenezi beta-laktamasi ya kutosha bila kuchokozwa. Chukua koloni za ukingoni mwa duara la sefoksitini, na usubiri hadi saa nzima kuona wekundu. Ikibaki njano, angalia ukingo wa duara la penisilini: ukiwa mkali kama umekatwa kwa kisu, kimeng'enya kipo.