BRCA1 na uvimbe mviringo kwenye MRI ya titi: usidanganywe na sura

Nyie mnaoanza kusoma MRI za matiti za skriningi, leo nataka niongelee kitu kimoja tu. Mwanamke mwenye hitilafu ya jeni ya BRCA1 anaweza kuwa na kansa yenye sura ya upole kabisa, mviringo, kingo laini, na msomaji mgeni anaipita tu kwa sababu kichwani kwake kansa lazima iwe na miiba.

Kwanza tuelewane tunasoma picha za nani. Hawa huanza MRI ya kila mwaka tangu miaka 25 hivi, mamografia mara nyingi inaongezwa kuanzia 30, kwa hiyo wengi bado wanapata hedhi. Hilo sio jambo dogo, maana tishu ya kawaida ya titi nayo inakunywa kontrasti, na homoni zikiwa juu titi zima linang'aa vidoadoa mpaka kidude kidogo kinapotelea humo ndani. Ndio maana skani ya skriningi tunapenda ifanyike kati ya siku ya 7 na ya 14 ya mzunguko. Kabla sijafungua picha naangalia tarehe ya hedhi ya mwisho, na kama fomu haijaandikwa nampigia fundi wa skani, sioni shida kabisa.

Halafu mpangilio wa kusoma. Wageni wengi wanakimbilia zile picha za kutoa, yaani picha ya baada ya kontrasti ikitolewa ile ya kabla, kwa kuwa zinavutia, kila kitu cheusi halafu kilichokunywa dawa kinawaka. We anza na T2, kisha T1 ya kabla ya kontrasti, ndio uende mbele. Kifuko chenye maji mazito ya protini au damu ya zamani kinang'aa tangu kabla ya dawa, ukiangalia picha ya baada peke yake utaapa kimekunywa kontrasti. Na kama mgonjwa alisogea kidogo, picha mbili hazilaliani sawasawa, unapata ukingo mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili. Ukiona jozi hiyo rudi kwenye picha halisi, usiripoti kivuli.

Sasa chukua mfano. Mwanamke wa miaka 34, BRCA1, siku ya 9 ya mzunguko, titi la kulia juu kwa nje kuna uvimbe wa mm 7, mviringo, kingo laini, kwenye T2 unang'aa kiasi. Hapo mkono unataka kuandika fayibroadenoma, si ndio? Subiri. Kuza picha ya kwanza baada ya kontrasti: pembeni panang'aa kuliko katikati, kama pete. Kisha pima. Kabla ya dawa nguvu ya mawimbi ilikuwa 200, ndani ya dakika 2 za kwanza ikafika 460, yaani ongezeko la asilimia 130, na chochote kinachozidi 100 tunakiita haraka. Mwishoni ikawa 440, imeshuka kama asilimia 4, na kwa kuwa mabadiliko hayajafika asilimia 10 kurvu hiyo ni ya kutulia, sio ya kushuka. Kurvu peke yake haimhukumu mtu, ipo katikati, ila pete inazungumza, na skani ya mwaka jana sehemu ile ilikuwa safi.

Ule mng'ao wa T2 usikutulize. Kansa nyingi za BRCA1 hazina vipokezi vya istrojeni, vya projesteroni wala HER2, zinakua haraka, katikati panaweza kufa, na panapokufa panang'aa kwenye T2. Kweli kifuko chenye uvimbe-joto nacho hutoa pete, ila chenyewe katikati ni maji matupu na ukuta wake ni mwembamba. Mafuta yaliyokufa nayo hutoa pete, hayo utayajua kwenye T1 isiyozimwa mafuta, katikati patakuwa na mwangaza uleule wa mafuta ya jirani.

Kwa hiyo huyu ni BI-RADS 4, biopsi, sio BI-RADS 3 ya kusubiri miezi 6. Mrudishe ultrasaundi ukiwa na mahali pa uvimbe kwa mishale ya saa na umbali kutoka kwenye chuchu, lakini kumbuka kwenye MRI alilala kifudifudi na ultrasaundi analala chali, titi linahama, kwa hiyo tafuta pia kwa kuangalia umbali toka kwenye ngozi na tishu zilizo jirani. Ultrasaundi isipoona kitu, kesi haijaisha, anaenda biopsi inayoongozwa na MRI. Na ikiona na sindano ikapigwa, iachwe klipu pale, kisha hakikisha klipu imekaa palepale MRI ilipoonyesha, maana jibu la "hakuna kansa" kutoka sentimita 3 pembeni sio jibu la uvimbe ule.