Tangazo kwenye neno la utafutaji ambalo bidhaa tayari iko juu: ACOS ndogo inaweza kuficha hasara

"Ripoti inaonyesha tangazo linakula asilimia 12 tu ya mauzo, na bidhaa yangu ni ya kwanza kwenye matokeo ya utafutaji hata bila kulipia. Niongeze bajeti au nizime?"

Usiongeze kwanza. ACOS ni gharama ya mibofyo ikigawanywa kwa mauzo ambayo soko la mtandaoni limeyahesabia tangazo. Mteja akibofya tangazo lako na kununua ndani ya siku zilizowekwa, oda inaandikwa ya tangazo, hata kama angeshuka kidogo tu angekukuta kwenye nafasi yako ya bure. Ripoti haimtofautishi huyo na yule ambaye asingekuona kabisa.

Mimi nauza vyombo vya jikoni na hali hii ninayo kwenye bidhaa moja. Ilikuwa inapata oda 100 kwa wiki, 40 kati yake zikitokana na tangazo la neno moja, ACOS asilimia 12 kama yako. Nikasimamisha tangazo la neno hilo peke yake, bei, picha na stoki nikaviacha vilevile. Oda zikatulia kwenye 90. Kumbe tangazo lilikuwa linaongeza oda 10, ila nalipia 40. Asilimia 12 ya oda 40 ni thamani ya oda 4.8, gawa kwa zile 10 za kweli, unapata asilimia 48. Faida yangu kabla ya matangazo ni asilimia 30, kwa hiyo kila oda ya nyongeza ilikuwa inanitia hasara.

Neno lingine lilikuwa na ACOS ya asilimia 45, na wengi wangelifuta mara moja. Lakini huko bidhaa ilikuwa ukurasa wa tatu, ambako wanunuzi wachache hufika, hivyo karibu kila oda ya tangazo ilikuwa mpya kweli. Hapo nakubali hasara ya muda, kwa sharti kwamba nafasi ya bure inapanda, maana mauzo yenyewe huchangia kuipandisha. Oda zikija wiki kadhaa na nafasi isisogee, nasitisha.

Kwako, zima neno hilo kwa wiki mbili ambazo hazina sikukuu wala ofa, kisha linganisha oda zote za bidhaa, siyo za tangazo tu. Nafasi yako iangalie kwenye dirisha la faragha, kwa sababu ukiwa umeingia kwenye akaunti matokeo yanaweza kufuata historia yako, na usihesabu mistari yenye alama ya kudhaminiwa. Kama unauza oda chache kwa wiki, ongeza muda, la sivyo kupanda na kushuka kwa kawaida kutakudanganya.

Jambo moja la kuchunga: mpinzani anaweza kununua ile nafasi ya juu uliyoiacha. Ukiona nafasi yako ya bure nayo inashuka, rudisha tangazo kwa dau dogo, kisha piga hesabu ileile upya.