Viza Imekosewa Jina: Majibu kwa Mlioandika

"Shikamoo. Viza yangu ya Schengen imeandikwa JUMANE, pasipoti inasema JUMANNE. Nimewaandikia ubalozi wasahihishe, kimya. Nakutumia nakala ya barua. Nasafiri wiki mbili zijazo."

Marahaba. Barua yako ina aya tatu za harusi ya mdogo wako, lakini namba ya viza haimo. Ofisa aanzie wapi kukutafuta? Kichwa cha barua pepe kiwe na namba ya viza, jina na tarehe ya safari. Ndani andika hivi tu:

"Pasipoti: JUMANNE. Viza: JUMANE. Kwenye fomu niliandika JUMANNE. Naomba mnijulishe siku ya kuleta pasipoti ili nibandikiwe viza mpya."

Ambatisha picha zinazosomeka za ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zako, stika ya viza na fomu uliyojaza.

Hilo ombi la kuleta pasipoti ndilo watu wanalisahau. Sheria ya Schengen hairuhusu stika iliyokwisha kuchapwa kurekebishwa kwa mkono. Ubalozi huipiga msalaba kwa wino usiofutika, huharibu alama yake ya usalama, kisha hubandika nyingine kwenye ukurasa tofauti. Kwa hiyo barua pepe peke yake haisahihishi kitu; pasipoti lazima irudi kwao. Na kama ni wewe uliyekosea kwenye fomu, sema ukweli, maana fomu wanayo.

Jamani, someni stika pale pale dirishani kabla hamjaondoka! Kuna watu wanasafiri kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kufuata herufi moja.

"Nikiongeza hiyo herufi kwa kalamu?"

Usithubutu. Huko ni kughushi, na kosa litakuwa lako.

"FROM ni tarehe 1 Juni, UNTIL tarehe 30 Juni, lakini DURATION OF STAY ni siku 15. Niwaandikieje warekebishe?"

Usiwaandikie. Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linarudi. Kwa kawaida viza hiyo huongezewa siku 15 za akiba ili safari ikisogea usikwame. Tarehe zile mbili ni kipindi unachoruhusiwa kusafiri. Siku za kukaa ni 15, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Ukiingia tarehe 10, mwisho wako ni tarehe 24. Ukizidisha ukiamini ubalozi ulikosea, utajibu mwenyewe mpakani.

"Mistari ya chini ya viza imeandikwa NYANGAU. Mimi ni Nyang'au."

Iko sawa. Mistari hiyo inasomwa na mashine na haiwekwi ritifaa. Angalia ya pasipoti yako, utakuta vilevile. Cha kukagua hapo ni tarehe ya kuzaliwa, ambayo huanza na mwaka: 900412 ni 12 Aprili 1990. Hiyo ikiwa tofauti na ya pasipoti, andika siku hiyo hiyo.